Mimi nimefunga choo, na mtoto wa wiki 7 ana siku 6 bila choo. Je, ni chakula changu?

NyotaNjema aliandika:

Habari za jioni wapendwa. Naombeni mawazo, hasa kina mama mliopitia haya.

Nina mtoto wa wiki 7, ananyonya tu, hapewi kitu kingine chochote. Tangu nijifungue, choo kwangu ni taabu. Nakaa siku 3 hadi 4, na kikija ni vipande vidogo vigumu kama gololi. Nilishonwa wakati wa kujifungua, kwa hiyo nikihisi haja naogopa kusukuma, naiahirisha, na kesho yake kinakuwa kigumu zaidi. Pia nameza vidonge vya madini ya chuma mara 2 kwa siku kwa sababu damu ilipungua.

Sasa mtoto. Mwezi wa kwanza alikuwa akinyonya tu anachafua nepi, mara 5 au 6 kwa siku. Kisha akaanza kuruka siku moja, zikawa mbili, na leo ni siku ya 6. Anajikunja, uso unamwiva, analia kidogo, anajamba hewa yenye harufu kali, halafu nikifungua nepi hakuna kitu.

Mama mkwe anasema choo changu kigumu kimepita kwenye maziwa, na kwamba nikila matunda na mboga nyingi mtoto naye atalainika. Nimefanya hivyo siku 4 mfululizo. Mimi tumbo limejaa gesi, na mtoto bado hajatoa kitu.

Naomba kujua mambo mawili. Ninachokula kinabadilisha choo cha mtoto? Na nikitumia dawa ya kulainisha choo, mtoto hataharisha? Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi.

---

Tumaini_M aliandika:

Pole sana dada. Maziwa yanatokana na unachokula, kwa hiyo mama akikauka na mtoto anakauka. Kunywa maji lita 4 kwa siku ili maziwa yawe mepesi, na maharage uyaache kabisa, yanampa mtoto gesi. Hivyo vidonge vya chuma pia visimamishe, vinafunga choo kweli kweli, na vinapita kwenye maziwa vinamfunga na mtoto.

---

Baba_Neema aliandika:

Sisi yalitukuta hayo hayo. Wetu ana miezi 8, choo kikawa kigumu kama jiwe hadi kikatoka na damu kidogo juu yake. Tulimpa maji kwa kikombe na matunda yaliyopondwa, baada ya siku 2 akafunguka. Mpe maji mtoto dada, usimwache ateseke.

---

Mkunga_Mstaafu aliandika:

Baba Neema, ngoja kwanza. Wako ana miezi 8 na anakula. Huyu ana wiki 7 na ananyonya tu. Mtoto wa umri huu asipewe maji, wala juisi, wala dawa ya majani. Tumbo lake ni dogo, maji yanachukua nafasi ya maziwa, na maji mengi yanaweza kuishusha chumvi ya damu yake kwa kiwango cha hatari.

Binti yangu Nyota, kabla sijasema chochote nijibu haya. Choo cha mwisho kilikuwaje, rangi na ulaini? Nepi za mkojo ni ngapi kwa siku? Tumbo lake ukiligusa akiwa ametulia, ni laini au limekaza kama ngoma? Anatapika? Na kadi ya kliniki inasema uzito gani?

---

NyotaNjema aliandika:

Shikamoo mama. Choo cha mwisho kilikuwa cha njano, laini kabisa, kina chembechembe kama mbegu. Nepi za mkojo ni 7, wakati mwingine 8. Tumbo ni laini, linajaa kidogo jioni. Hatapiki, anacheua tu maziwa kidogo. Ananyonya vizuri na ameanza kutabasamu. Alizaliwa na kilo 3.1, na wiki ya 6 alikuwa kilo 4.4.

---

Mkunga_Mstaafu aliandika:

Marahaba mwanangu. Kwa majibu hayo, mtoto wako hajafunga choo. Aliyefunga choo ni wewe. Haya ni mambo mawili tofauti yaliyotokea ndani ya nyumba moja kwa wakati mmoja, ndiyo maana yanaonekana kama jambo moja.

Kufunga choo kwa mtoto tunakutambua kwa ugumu wa choo. Idadi ya siku peke yake haitoshi. Mtoto anayenyonya tu, akishapita wiki ya 6 hivi, anaweza kujisaidia mara kadhaa kwa siku au akakaa wiki nzima, hata siku 10, na vyote vikawa sawa, mradi choo kikitoka kiwe laini na uzito unapanda. Maziwa ya mama yanaacha mabaki machache sana tumboni. Na ile tabia ya kunyonya na papo hapo kuchafua nepi inalegea mtoto anapokua.

Huko kujikunja na uso kuiva kunawatisha wazazi wengi. Ili choo kitoke, mtu husukuma kwa tumbo na wakati huo huo hulegeza sehemu ya nyuma. Wewe na mimi tunafanya bila kufikiri. Mtoto mchanga bado anajifunza: anasukuma huku amebana. Analia dakika 10, pengine zaidi, kisha choo kinatoka laini kama kawaida. Kama kingekuwa kimekauka, ungeona vipande vigumu kama hivyo vyako. Kwa hiyo msimwingize kipande cha sabuni, wala kipimajoto, wala kidole. Atatoa choo siku hiyo, lakini mnamfundisha kusubiri kuchokonolewa.

Sasa chakula chako. Mboga na matunda vinakusaidia wewe kwa sababu ya nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi hazimeng'enywi. Zinateremka kwenye utumbo wako, zinashika maji, zinavimbisha choo, kisha zinatoka nacho. Haziingii kwenye damu. Maziwa yanatengenezwa ndani ya titi kutokana na kile kilichomo kwenye damu. Kitu kisichofika kwenye damu hakina njia ya kufika kwenye maziwa. Ungekula kapu zima la mboga leo, mtoto asingepata hata uzi mmoja. Na choo chako kigumu kiko kwenye utumbo mpana, nacho pia hakina njia ya kwenda kwenye titi. Mwambie mama mkwe kwa heshima, maana nia yake ni njema na kwa upande wako ushauri wake ni sahihi.

---

Tumaini_M aliandika:

Mama mkunga naheshimu ujuzi wako, lakini siwezi kuamini chakula hakina athari yoyote. Dada yangu aliambiwa na daktari aache maziwa ya ng'ombe, akaacha, na choo cha mtoto kikabadilika. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

---

MamaWawili aliandika:

Tumaini, hata mimi nimepitia hilo, lakini naomba nilieleze lilivyokuwa kwa sababu watu hulichanganya.

Mwanangu wa pili alipokuwa na wiki 5, nilianza kuona choo laini chenye ute, kama makamasi, na ndani yake nyuzi nyembamba za damu nyekundu. Hakuwa amekosa choo. Alikuwa anajisaidia mara nyingi kuliko kawaida. Ananyonya, anacheka, uzito unapanda. Daktari akasema huenda ni protini ya maziwa ya ng'ombe ninayokunywa mimi, kwamba kiasi kidogo sana hupita hadi kwenye maziwa yangu na utumbo wa mtoto hauvumilii. Niliacha maziwa, jibini, siagi, na kila kitu kilichotengenezwa kwa maziwa. Damu ilipotea ndani ya wiki 2. Kisha daktari akanitaka nijaribu tena kunywa, ili kuhakikisha. Siku ya 3 nyuzi za damu zikarudi. Hapo ndipo tukajua kweli ni maziwa.

Kile kipimo cha kurudia kilikuwa kigumu kwangu, nililia, lakini bila hicho ningeendelea kujinyima kwa kubahatisha tu.

---

Mkunga_Mstaafu aliandika:

Hapo MamaWawili umesema vizuri, na Tumaini hakukosea kwamba chakula kinaweza kufika kwa mtoto. Tofauti ni nini kinachofika. Vipande vya protini vinafika kwa kiasi kidogo. Aina ya mafuta unayokula inabadilisha aina ya mafuta kwenye maziwa. Ladha zinafika, za vitunguu saumu kwa mfano. Rangi kali za vinywaji na vyakula zinaweza kufanya choo cha mtoto kiwe na ukijani. Lakini sukari ya maziwa, ambayo ndiyo inayovuta maji kwenye utumbo wa mtoto na kuweka choo laini, titi linaitengeneza lenyewe, na haibadiliki kwa chakula chako.

Maji ni hivyo hivyo. Maziwa yako ni maji kwa asilimia 87 hivi, uwe umekunywa lita 2 au 4. Ukikosa maji, mwili unayachukua kwako kwanza ili maziwa yatoke. Wewe ndiye unayekauka, na choo chako kinakauka nawe. Mtoto anayenyonya tu huchukua takriban robo tatu ya lita kwa siku, na hicho ndicho unachohitaji kurudisha juu ya unywaji wako wa kawaida. Weka glasi karibu na pale unaponyonyeshea, unywe kila anaponyonya, na uangalie mkojo wako. Ukiwa wa njano iliyokolea, ongeza. Lita 4 za kulazimisha hazina faida, na hazifanyi maziwa yawe mepesi.

Vidonge vya chuma, Tumaini, umesema kweli kwa nusu. Vinamfunga mama. Lakini kiwango cha chuma kwenye maziwa hakipandi kwa sababu mama anameza vidonge, kwa hiyo havimfungi mtoto. Na asivisimamishe mwenyewe, kwa sababu alipungukiwa damu. Nyota, rudi kwa aliyekuandikia umweleze hali ya choo. Siku hizi wengi wanakubali dozi moja kwa siku, au siku moja ukimeza, siku moja ukipumzika, kwa sababu mwili unakinyonya chuma vizuri zaidi ukipewa nafasi.

---

NyotaNjema aliandika:

Asante mama, nimelia nikisoma. Kumbe nilikuwa najilaumu bure. Na ile dawa ya kulainisha je? Niliambiwa sanamaki inamwendesha mtoto.

---

Mkunga_Mstaafu aliandika:

Anza na zile ambazo hazitoki kwenye utumbo wako. Kuna laktulosi, ambayo ni shira tamu, na kuna makrogoli, unga wa kuchanganya na maji. Zote zinabaki tumboni zikivuta maji kwenye choo, na kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, kwa hiyo mtoto hapati kitu cha kumwendesha. Laktulosi watu wazima wengi huanza na mililita 15 mara 2 kwa siku. Inachukua siku 2 kufanya kazi, usiongeze dozi usiku wa kwanza kwa kukata tamaa. Itakupa gesi siku za mwanzo. Ukiona choo kimekuwa chepesi kupita kiasi, punguza.

Sanamaki inasukuma utumbo, na kinachofika kwenye maziwa kwa dozi ya kawaida ya vidonge ni kidogo, haileti shida kwa watoto wengi. Hofu uliyosikia ina mzizi, maana zamani watu walichemsha majani yenyewe kwa kukadiria, na nguvu yake haikujulikana. Hata leo siwashauri majani ya kuchemsha. Mafuta ya nyonyo usiyaguse ukiwa unanyonyesha.

Jambo moja ambalo hukuuliza: unameza dawa gani ya maumivu ya mshono? Kama ina kodeini, iache na umwambie daktari akubadilishie leo. Inafunga choo vibaya, na ndiyo dawa ninayoiogopa zaidi kwa mtoto, kwa sababu kwa baadhi ya kina mama inageuka kuwa mofini nyingi mwilini, inapita kwenye maziwa, na mtoto anakuwa mzito wa usingizi, ananyonya kivivu, hata pumzi inaweza kupungua.

Halafu huo woga wa mshono. Wiki ya 7 mshono umeshashika, hautaachia kwa kusukuma. Kaa chooni miguu ikiwa juu ya kigoda kifupi, magoti yapande kuliko nyonga, uegemee mbele. Shika pedi safi uikandamize polepole kwenye mshono kwa mbele. Pumua nje kwa mdomo kama unapuliza mshumaa, badala ya kuzuia pumzi. Nenda nusu saa baada ya kifungua kinywa hata kama huhisi haja sana, na haja ikija usiiahirishe, hata kama mtoto analia. Mwenzio amshike dakika 10. Na nyuzinyuzi ziongeze polepole kwa wiki nzima. Umezirundika siku 4, ndiyo maana umejaa gesi.

---

Baba_Neema aliandika:

Naomba radhi, nilisoma haraka nikadhani ni mtoto anayekula. Ule ushauri wa maji dada uuache.

---

Mama_Siku12 aliandika:

Samahani kuingilia uzi. Nimefurahi kusoma hapa maana nilikuwa na wasiwasi. Wangu ana siku 12, ananyonya tu, hajapata choo siku 3. Nepi za mkojo ni 3 tu kwa siku, analala sana, nafikiri ni mpole. Basi nami nitulie nisubiri?

---

Mkunga_Mstaafu aliandika:

Hapana mwanangu, wewe usisubiri. Yote niliyomwambia Nyota ni ya mtoto aliyevuka wiki ya 6 na mwenye uzito unaopanda. Mtoto wa siku 12 anayenyonya vya kutosha anatakiwa kutoa choo cha njano mara 3 au zaidi kwa siku, na mkojo mara 6. Akikosa choo katika umri huu, mara nyingi hakuna kilichoziba. Kinachokosekana ni maziwa yanayoingia. Na mtoto anayelala kupita kiasi wakati mwingine hana nguvu ya kuamka kunyonya.

Mpeleke leo akapimwe uzito. Akiwa hajarudia uzito wa kuzaliwa, wamwangalie anavyoshika titi. Usiku huu mwamshe kila baada ya saa 2 au 3, mnyonyeshe titi zote mbili. Mwambie daktari pia kama choo cheusi cha kwanza kilichelewa zaidi ya saa 48 baada ya kuzaliwa, maana hilo linaelekeza kwenye ugonjwa wa utumbo wenyewe. Na kwa umri wowote, matapishi ya kijani, tumbo kukaza, choo cheupe kama chokaa, au mtoto kulegea na sauti ya kulia kufifia, ni hospitali wakati huo huo, usiku au mchana.

---

Tumaini_M aliandika:

Nimeelewa kuhusu nyuzinyuzi. Ila maharage mimi bado. Kila nikila, mtoto wangu analia usiku.

---

MamaWawili aliandika:

Gesi ya maharage inatengenezwa kwenye utumbo wako, Tumaini, haipandi kwenye titi. Lakini siwezi kusema mwanao halii. Andika kwenye daftari siku ulizokula na siku ulizoacha, wiki 2 hivi. Mimi daftari ndilo lililoniokoa. Nilikuwa na uhakika ni mayai, na haikuwa mayai.

Mama mkunga, nami niulize. Yale maziwa ya ng'ombe yanaweza kumfunga choo mtoto anayenyonya, si kumwendesha tu?

---

Mkunga_Mstaafu aliandika:

Kuna madaktari wanaolijaribu kwa mtoto ambaye choo ni kigumu kweli na hakuna sababu nyingine. Mimi kwa mtoto anayenyonya tu nimeliona mara chache sana, na sikuwahi kujua kwa hakika kama ni maziwa yaliyoachwa au ni umri uliosogea. Nisingemwambia Nyota aache maziwa kwa choo laini kilichochelewa.

---

Mama_Siku12 aliandika:

Tumerudi. Uzito ulikuwa chini ya wa kuzaliwa kwa gramu 180. Muuguzi alitazama akasema ananyonya chuchu tupu, mdomo haufunguki vizuri. Alinionyesha kumsubiri afungue mdomo wazi kabisa ndipo nimlete kwenye titi, kidevu kitangulie. Nilisikia akimeza kwa mara ya kwanza. Nakamua pia baada ya kila kunyonya na kumpa kwa kikombe kidogo. Usiku ametoa choo mara 2, cha njano. Tunapimwa tena keshokutwa.

---

NyotaNjema aliandika:

Wapendwa, naleta mrejesho. Siku ya 8 alfajiri mtoto alijikunja, akalia kidogo, akatulia, nikasikia mlio. Kilijaa nepi kikapanda hadi mgongoni, nilibadilisha hadi shuka. Njano, laini kama uji mzito, hakuna hata kipande kigumu. Mama mkwe nilimwita aone mwenyewe.

Upande wangu, nimebadilishiwa vidonge vya chuma, siku moja nameza, siku moja napumzika. Dawa ya maumivu nilisoma pakiti, haikuwa na kodeini. Laktulosi nilianza Jumatatu, Jumatano asubuhi nikapata choo kwa kigoda na pedi, bila machozi. Mtoto hajaharisha. Hajabadilika chochote, na leo ni siku ya 3 tena hajachafua nepi.

Kilichobaki kwangu ni kauvimbe kadogo nyuma kanakouma nikikaa, na juzi niliona damu nyekundu kwenye tishu. Hiyo ni bawasiri, mama, au nirudi wakanitazame?

---

Mkunga_Mstaafu aliandika:

Huenda ni bawasiri, ni kawaida baada ya kujifungua na choo kigumu. Lakini mpasuko mdogo nao unatoa damu hivyo hivyo na unauma kama kukatwa na wembe wakati choo kinapita, na tiba zake si moja. Siwezi kukitazama kwa maandishi. Nenda wakuangalie wiki hii, na laktulosi usiikatishe kwa sababu umepata choo mara moja.